Niwie Radhi, Siku ya 47

Ndugu msomaji, kama umekulia mjini basi bila shaka unamjua fundi cherehani wa "njoo kesho". Umempelekea kitambaa wiki tatu kabla ya Idi au harusi, amekupima mabega na kiuno, amechukua nusu ya hela. Siku ya kwanza anakwambia bado vifungo. Siku ya pili umeme ulikatika. Siku ya tatu ukitokea kwenye kona unamwona anainuka haraka, anaingia nyuma ya pazia, na kijana wake anakwambia, "Fundi katoka sasa hivi." Tumecheka sana kijiweni kwetu Magomeni kwa ajili ya mafundi wa namna hiyo. Mimi mwenyewe nimecheka mpaka nikashika mbavu.

Sasa naomba nikiri. Mwaka jana, 2025, kwa siku 47, fundi wa nyuma ya pazia nilikuwa mimi.

Kazi yangu, kama ya wengi wenu mnaosoma kurasa hizi, ni vibarua vya kalamu. Nahariri miswada ya watu, natafsiri, napanga kurasa za vitabu vidogo vidogo. Mteja ninayetaka kumzungumzia ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa upande wa Korogwe, umri wake umepita miaka 80. Aliandika historia ya shule aliyofundisha maisha yake yote. Aliandika kwa mkono kwenye kaunta buku nne, akampa mjukuu akapeleka steshenari kuchapisha, na mwanzoni mwa Machi nikaupokea mswada kwenye simu: kurasa 168, sura 11. Tukakubaliana shilingi 3,000 kwa ukurasa, jumla 504,000, naye akanitumia nusu siku ileile, 252,000. Hakuniomba risiti. Aliniambia tu, "Kijana wangu, naamini."

Mwezi wa kwanza nilifanya kazi vizuri. Sura tatu za mwanzo, kurasa 44, nikazimaliza. Nilipofika sura ya 4 nikakutana na tatizo dogo: ukurasa mmoja unasema shule ilifunguliwa 1964, mwingine unasema 1967. Nikajiambia nitamuuliza. Kabla sijamuuliza ikaingia kazi nyingine, ya watu wa mjini wenye haraka na wenye hela ya kulipa papo hapo. Nikaiweka ya mzee pembeni, "siku mbili tatu tu".

Tarehe 2 Aprili mzee akaniandikia: "Salaam kijana wangu. Naulizia maendeleo ya kazi yetu." Nikasoma, na simu yake ikamwonyesha zile alama mbili za buluu kwamba nimesoma. Sikujibu. Tarehe 20 Aprili akaandika tena, na ujumbe huu ndio uliokuja kuniondolea usingizi: "Kijana wangu, kama u mzima nijulishe. Si lazima kuhusu kitabu."

Hata huo sikuujibu. Nilijibu tarehe 19 Mei.

Swali ninalotaka tuulizane si kwa nini watu huchelewa kujibu. Hilo kila mtu analijua kutoka moyoni mwake. Swali langu ni hili: mtu aliyenyamaza siku 47 akirudi, anadaiwa nini hasa? Anadaiwa maelezo? Anadaiwa machozi? Anadaiwa kazi tu, basi? Na je, akishaomba radhi, ile kazi iliyolala inaamkaje?

Kwanza nieleze jinsi kimya kinavyokua, kwa sababu bila kukielewa hicho utaomba radhi vibaya. Tarehe 3 Aprili jibu langu lingehitaji mstari mmoja: "Mwalimu, nimepata kazi ya dharura, nitarudi kwako tarehe kumi." Kufikia katikati ya mwezi, mstari mmoja niliuona hautoshi, nikadhani lazima niwe na aya nzima yenye sababu nzuri. Kufikia mwisho wa Aprili nikajiambia kwamba maneno matupu yatakuwa matusi, kwa hiyo nimalize kwanza kitabu chote, halafu nimwombe radhi nikiwa na zawadi mkononi. Umeona mchezo huo? Kila siku niliyokaa kimya nilipandisha bei ya jibu langu mwenyewe, mpaka likawa ghali kiasi cha kushindwa kulilipa. Lakini mzee hakuwa amepandisha bei yoyote. Alichokihitaji siku ya 1 na alichokihitaji siku ya 40 kilikuwa kilekile: kujua kazi imefika wapi na itaisha lini. Riba niliitoza mimi, na mlipaji akawa yeye.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililolazimika kuliacha ni ile ndoto ya zawadi. Inaonekana ni heshima kusema "nikimaliza ndipo nitajitokeza", kumbe ni woga uliovaa kanzu. Anayengoja kumaliza anaongeza siku za kimya juu ya siku za kimya. Tarehe 18 Mei usiku nikaamua kwamba kesho yake najibu, na kazi ikiwa hivyo hivyo ilivyo.

Nikaanza kuandika. Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu kama risala. Nilieleza malaria niliyougua, umeme uliokatika, harusi ya dada yangu, kompyuta iliyosumbua. Na sikuwa nimedanganya hata kimoja! Malaria niliugua kweli. Ila nilipoisoma tena nikachukua kalamu nikapiga hesabu, na hesabu hii nawasihi wenzangu muipige kila mara. Malaria ilinilaza siku 4. Harusi ilinila siku 3. Kompyuta ilikaa kwa fundi siku 2. Jumla siku 9. Kutoka 47 zinabaki 38, na katika hizo 38 nilikuwa mzima, nina umeme, nina kompyuta, na ninahariri kazi ya mtu mwingine. Udhuru wangu ulikuwa wa kweli lakini ulikuwa mfupi, kama shuka la mtoto kwa mtu mzima: ukifunika kichwa, miguu iko nje.

Mwanafalsafa mmoja wa Kiingereza, J. L. Austin, mwaka 1956 alitoa hotuba nzima kuhusu nyudhuru. Alitenganisha vitu viwili tunavyovichanganya. Mtu anayejitetea anaweza kusema: nililifanya, na lilikuwa sawa kulifanya. Au anaweza kusema: halikuwa sawa, ila lawama yote isinielemee mimi. La kwanza ni kuhalalisha, la pili ni udhuru. Akaonyesha pia kwamba kila udhuru una kipimo chake. Ukimkanyaga konokono njiani unaweza kusema hukumwona, na watu wakakubali. Ukimkanyaga mtoto mchanga, sentensi ileile haikubaliki, kwa sababu palipo na mtoto ulipaswa kutazama. Mfano huo nitaurudia mbele, maana ulikuja kunichoma baadaye.

Rasimu ya pili ilikuwa kinyume cha ya kwanza. "Samahani kwa kuchelewa, Mwalimu. Nimeambatanisha sura tatu." Basi. Fupi, safi, kama vile nimechelewa dakika kumi. Hapa nikasimama kulifikiria neno lenyewe. Samahani tunaisema tukimpita mtu kwenye daladala, tukimkatiza mtu mazungumzo, tukiuliza njia. Imeshakuwa nyepesi kwa kutumiwa. Pole nayo haifai, maana pole nampa mtu aliyefikwa na jambo, hata kama silo la kwangu. Nikimwambia mzee "pole kwa usumbufu" nakuwa kama mpita njia aliyemkuta anasumbuka. Lugha yetu ina neno jingine zito zaidi: kuomba radhi. Radhi si kitu ninachokitoa mimi. Ni hali ya moyo wa mwenzangu, ile ya kutulia na kuridhika nami. Nikisema "niwie radhi" simalizi jambo kwa kinywa changu. Ninamwachia yeye, na inawezekana asiwe radhi. Kwa maoni yangu ndiyo maana vijana tunaikimbilia samahani: inamalizikia kwa msemaji.

Rasimu ya tatu niliiandika saa saba usiku na ilikuwa mbaya kuliko zote, ingawa wakati naiandika niliona ndiyo ya unyofu. Nilijiita mtu wa ovyo, nisiyestahili kuaminiwa, niliyemwangusha mzee wangu, na kwamba siwezi hata kujitazama kwenye kioo. Asubuhi nikamsomea rafiki yangu mmoja, naye anafanya vibarua vya uchoraji. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, akaniambia:

"Sasa mshikaji, mzee akisoma hiyo atafanya nini?"

"Ataona nimejutia."

"Hapana. Ataanza kukubembeleza. Umemla hela, umemuuchunia mwezi na nusu, halafu unataka akupe na pole juu yake."

Sikuwa na jibu. Alikuwa amesema kweli. Kujishusha kupita kiasi ni namna ya kuomba huduma nyingine kutoka kwa mtu uliyemkosea. Mzee wa miaka 80 na zaidi, kwa malezi yake, angelazimika kuniandikia "usijali mwanangu, ni mambo ya kawaida", na kwa hayo angekuwa amenyang'anywa hata haki yake ya kukasirika.

Tukabishana pia kama niandike au nipige simu. Rafiki yangu alisema kwa mtu mzima ni adabu kupiga. Mimi nikaona simu inamshika mtu bila kujiandaa. Adabu yake itamfanya aseme "hamna shida" kabla hajajua kama shida ipo. Maandishi yanampa nafasi ya kusoma, kununa, kutembea uani, na kujibu akitaka. Mwisho tukapatana: kwanza niandike, na ndani yake niombe ruhusa ya kupiga saa atakayoitaja yeye.

Huu ndio ujumbe nilioutuma tarehe 19 Mei saa tatu asubuhi. Nauweka wote, si kwa kuwa ni mzuri sana, bali ili tuujadili:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzima. Uliniandikia tarehe 2 Aprili na tarehe 20 Aprili, nikasoma zote mbili na sikukujibu. Leo ni siku ya 47. Nilipokea kazi nyingine iliyolipa haraka, nikaiweka ya kwako pembeni bila kukuambia, kisha nikaona aibu kujitokeza. Kosa ni langu, naomba uniwie radhi.

Kazi imefika hapa: sura ya 1 hadi ya 3, kurasa 44, zimekamilika na nimezituma pamoja na ujumbe huu. Kurasa 124 zilizobaki sijazigusa. Ukiniruhusu kuendelea, nitakutumia sehemu moja kila Ijumaa, kuanzia Ijumaa ya tarehe 30 Mei, na ya mwisho Ijumaa ya tarehe 27 Juni.

Kama ungependa kazi ikamilishwe na mtu mwingine, nitaelewa. Kurasa 44 ni shilingi 132,000, kwa hiyo nitakurudishia 120,000 pamoja na faili lako siku hiyohiyo utakayosema.

Nina swali moja: shule ilifunguliwa 1964 au 1967? Na ningependa kukupigia simu, saa itakayokufaa wewe."

Tazama sentensi ya kwanza baada ya salamu. Aliuliza kama ni mzima, basi hilo ndilo linalojibiwa mwanzo, kabla ya kitabu. Halafu kosa linatajwa kwa tarehe zake. Nilitaka kuandika "nimekawia kidogo", lakini yeye alikuwa na tarehe kwenye simu yake. Nikipunguza hata siku moja nitakuwa nimeanza upya kwa uongo. Sababu ni moja tu, na ndiyo ile ya kweli, japo ndiyo iliyonivunjia heshima zaidi. Malaria nimeiacha nje. Si uongo kuiacha, maana haikuwa sababu.

Kuhusu tarehe, nazo zilipikwa. Kasi yangu halisi, si ile ninayojisifia, ni kurasa 5 kwa saa. Jioni napata saa mbili, yaani kurasa 10, na kwa wiki napata jioni nne za uhakika. Hizo ni kurasa 40. Mkono ulitaka kuandika 40, na moyo ulitaka kuandika 60 ili kumfurahisha. Nikapanga kwa 30. Ijumaa tano mara 30 ni kurasa 150, na zilizobaki ni 124, hivyo nina akiba ya kurasa 26 kwa siku mbaya. Mtu anayetoka kwenye kosa hupenda kuahidi makubwa, kwani ahadi kubwa inaleta nafuu papo hapo. Lakini ahadi ya pili ikivunjika, ile radhi ya kwanza inageuka kuwa longolongo, na mteja atajiona mjinga kwa kuitoa.

Kile kipengele cha kurudisha hela, rafiki yangu aliniona mwehu. "Utampa njia ya kukimbia!" Ndiyo, nilimpa njia, kwa hesabu kamili ili asilazimike kudai. Aliyebanwa kwenye kona hawezi kusamehe kwa hiari. Anaweza tu kuvumilia. Kama hana pa kwenda, "ndiyo" yake haina uzito.

Na lile swali la 1964 na 1967 lilikuwa dogo kwa makusudi. Kazi iliyolala haiamki kwa kuulizwa "je, tuendeleeje?" Swali kama hilo linamtwika mteja mzigo wa kupanga. Ukimwuliza jambo moja analoweza kulijibu amesimama, mkono wake unakuwa umerudi kwenye kazi. Ila liwe moja. Nilikuwa na maswali mengine 17 kwenye daftari. Kumrushia yote siku ile ingekuwa kumgeuza yeye mwenye kudaiwa.

Nikatuma. Alama za buluu zikatokea baada ya nusu saa. Halafu kimya.

Siku nzima kimya. Kesho yake kimya. Mara kumi nilishika simu nimwandikie "Mwalimu, umeupata ujumbe wangu?" na mara kumi nikaiweka chini. Yeye alingoja siku 47, mimi nashindwa kungoja mbili? Tarehe 21 Mei jioni akajibu:

"Marahaba mwanangu. Nimesoma. Shule ilifunguliwa 1967, mwaka wa Azimio. 1964 ndiyo nilimaliza chuo cha ualimu, mjukuu kachanganya. Wenzangu wa kamati niliwaambia kitabu kitatoka Juni. Wameniuliza mara tatu, nikawaambia unaumwa. Sasa nipe la kuwaambia. Piga kesho saa kumi."

Niliusoma ujumbe huo nimesimama. Udhuru wa ugonjwa, ule nilioukata kwenye rasimu yangu kwa hesabu, mzee alikuwa ameshautumia kwa niaba yangu. Nilimfanya mwalimu, mtu aliyefundisha watoto ukweli maisha yake yote, awadanganye wazee wenzake ili kunisitiri.

Hapo ndipo nilipolipata jibu la swali langu, au sehemu yake kubwa. Sisi tunaofanya kazi za watu huona kimya chetu kama jambo la watu wawili: mimi na mteja. Kumbe mteja naye ana watu nyuma yake. Ametoa ahadi zake juu ya ahadi yetu. Tunaponyamaza, yeye hawezi kunyamaza. Lazima awajibu, na hana cha kujibu. Kwa hiyo anachodai kwetu kuliko majuto ni maneno ya kuwapelekea wanaomngoja. "Nipe la kuwaambia." Tangu siku hiyo, ninapoandika ujumbe wa kuomba radhi najiuliza kama mteja anaweza kuchukua sentensi moja humo na kumwambia mtu mwingine bila kuona haya. Tarehe inachukulika. "Nitajitahidi" haichukuliki.

Kesho yake saa kumi nikapiga. Tulizungumza dakika kumi na kitu, zaidi kuhusu tarehe za Ijumaa na kwamba kamati ataiambia kitabu kitakuwa tayari kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani mwezi Agosti. Mwisho, kwa sauti ileile ya kawaida, akaniambia kwamba sura ya 7 inamhusu mwalimu mwenzake ambaye macho yalikuwa yamekwisha, na walikuwa wamepatana kwamba sura hiyo ikishasafishwa atamsomea. "Ametangulia mwisho wa mwezi wa nne," akasema. "Basi, tuendelee."

Hakunilaumu. Wala sidhani alinieleza ili kuniumiza. Nilikuwa nimeuliza tu kama sura ya 7 ina picha. Lakini turudi kwa Austin na konokono wake. Mimi nilidhani nakanyaga konokono: mswada mmoja, mzee mmoja, wiki kadhaa. Sikujua nani mwingine amelala kwenye njia ile. Na hilo ndilo linalonifanya nisikubaliane na wanaosema kuchelewa kujibu ni kosa dogo kwa sababu madhara yake kwa kawaida ni madogo. Anayenyamaza hajui anakanyaga nini, na hawezi kujua, kwa sababu kunyamaza ndiko kulikomzuia kuuliza. Kama tarehe 3 Aprili ningemwandikia mstari mmoja kwamba nimekwama, pengine angenijibu: "Basi nitolee kwanza sura ya 7." Ilikuwa kurasa 13. Jioni moja na nusu ya kazi yangu.

Hili haliwezi kuombwa radhi likafutika. Nilimwambia, "Mwalimu, hilo nalo ni la kwangu," akajibu, "Mungu amlaze pema," na tukaagana. Sikuongeza neno. Ningeongeza ningekuwa narudia rasimu ya tatu.

Sasa nieleze kazi ilivyoamka. Ijumaa ya tarehe 30 Mei nilituma kurasa 30. Tarehe 6 Juni 30 nyingine, nikaanza na sura ya 7 ingawa zamu yake ilikuwa bado. Kila mara niliambatanisha mistari mitatu tu: nimetuma ukurasa gani hadi gani, nina swali hili, Ijumaa ijayo nitatuma zipi. Salamu za kuomba radhi sikuzirudia. Nilitamani kuzirudia kila wiki, lakini mtu ukimkumbusha kosa lako kila Ijumaa hutampa nafasi ya kulisahau.

Ijumaa ya tatu, tarehe 13 Juni, mambo yakaharibika. Kufikia Alhamisi usiku nilikuwa na kurasa 12 tu. Na amini usiamini, ile sauti ya zamani ikarudi mzimamzima: kaa kimya leo, Jumatatu utatuma zote pamoja, hatagundua. Niliitambua kwa sababu ilisema maneno yaleyale ya Aprili. Ijumaa saa nne asubuhi, kabla siku haijaisha, nikaandika: "Shikamoo Mwalimu. Wiki hii nimemaliza kurasa 12 badala ya 30. Nimezituma. Tarehe 27 haibadiliki." Jibu lilikuja baada ya dakika tano: "Marahaba. Nimepokea 12."

Nadhani ile ndiyo siku radhi ilipotimia, kama ilitimia. Ijumaa mbili za kwanza zilionyesha kwamba naweza kufanya kazi, jambo ambalo hata Machi alilijua. Ijumaa ya 12 ilimwonyesha jambo ambalo alikuwa na haki ya kulitilia shaka: kwamba nikishindwa, nitasema. Taarifa ya kushindwa ina thamani kabla ya tarehe kupita. Ikipita, hata kama ni saa mbili tu, inakuwa utetezi. Wiki ya nne nikatuma 30, ya tano 22. Jumla 124, na tarehe ilikuwa 27 Juni. Ile akiba ya kurasa 26 niliyoiona ya ziada ndiyo iliyoniokoa, maana wiki ile mbovu ilikula 18.

Kitabu kilichapwa, kikafika kwenye mkutano wa Agosti. Nusu ya pili ya malipo aliituma yote, na kwa aibu nilitaka nipunguze. Akakataa: "Tulipatana." Nikanyamaza nikapokea, kwa kuwa kumlazimisha mtu apokee fidia asiyoitaka nako ni kutafuta nafuu yako.

Mpaka leo hajawahi kusema "nimekusamehe". Nilikuwa nikilingoja neno hilo kama mwanafunzi anayengoja alama. Sasa sijui kama ninalihitaji. Mwezi uliopita aliniandikia kwamba anakusanya hadithi za mama yake, zimefika kaunta buku mbili, na akauliza kama nina nafasi. Nilikuwa na kazi nyingi na sikuwa na jibu kamili. Nikamjibu dakika ileile: "Shikamoo Mwalimu. Bado sijui. Nitakujibu Jumatano."

Jumatano nikamjibu.